Taili mbili, kabati lililovimba na dipoziti ya B7

Ripoti ya ukaguzi wa nyumba, ile inayoandikwa mpangaji anapohama, ilikuwa ukurasa mmoja. Juu imeandikwa nambari ya nyumba, B7, na chini kabisa, kwa wino wa bluu, jumla ya makato: shilingi 44,800. Dipoziti ya jirani yangu ilikuwa 56,000, yaani kodi ya miezi miwili. Kwa hiyo baada ya kukaa miaka mitatu na miezi mitano katika nyumba ya vyumba viwili pale Donholm, Eastlands ya Nairobi, alikuwa anaambiwa aje achukue 11,200.

Aliniletea karatasi hiyo kwa sababu anajua nilifanya kazi miaka sita katika ofisi ya ajenti wa nyumba, na ripoti za namna hiyo ndizo nilizokuwa nikijaza kila mwisho wa mwezi. Najua zinavyojazwa. Mtu anazunguka vyumba akiwa na ubao wa kuandikia, anaandika anachokiona siku hiyo. Ukuta una alama, ataandika alama. Kabati limevimba, ataandika limevimba. Karatasi iliyosainiwa siku mpangaji alipoingia hana mkononi, na mara nyingi hajui hata faili iko kabati gani ofisini. Lakini huwezi kumdai mtu uharibifu kwa kuangalia hali ya leo peke yake. Unachomdai ni tofauti kati ya alivyoikuta nyumba na alivyoiacha, na ripoti ile ilikuwa na nusu moja tu ya hesabu.

Nusu ya pili alikuwa nayo yeye. Orodha ya makabidhiano, kurasa mbili, imesainiwa naye na keateka tarehe 1 Februari 2021, ilikuwa katika mfuko wa plastiki pamoja na kadi za kliniki za watoto. (Karatasi zote zilikuwa za Kiingereza, kama kawaida ya ofisi za Nairobi. Hapa nimeziweka kwa Kiswahili.)

Tatizo la kwanza halikuwa landilodi, lilikuwa rasimu ya barua ya kupinga makato aliyoiandika jirani yangu mwenyewe. Alikuwa ameandika kurasa mbili usiku mmoja, akiwa amekasirika: maji yaliyokuwa yakija siku mbili kwa wiki, keateka aliyemjibu vibaya, kodi aliyolipa bila kukosa hata mwezi mmoja. Yote ni kweli, na hakuna hata moja linalogusa zile 44,800. Mtu wa ofisini akisoma barua kama hiyo anatafuta sentensi ya kujibu, na atachagua iliyo dhaifu kuliko zote. Tulifuta zote tukaanza upya.

Barua mpya ilifuata mpangilio wa ripoti yao, nambari kwa nambari, ili anayeisoma aweke karatasi mbili mezani na kidole kishuke sambamba. Chini ya kila nambari kulikuwa na maneno ya ripoti kama yalivyo, kisha maneno ya orodha kama yalivyo, kisha kilichotokea katikati kama kuna ushahidi wake, na mwisho kiasi anachokubali kulipa. Hiki cha mwisho alikipinga. "Kwa nini nikubali chochote? Si wao ndio wameniibia?" Nikamwambia subiri tufike kwenye ukuta wa watoto.

Taili ndizo zilikuwa rahisi, na nitaziweka hapa kama zilivyoandikwa:

"Na. 4, Taili za bafuni. Ripoti yenu: 'Taili 2 zimepasuka, sh. 3,000.' Orodha ya makabidhiano ya 1 Februari 2021, ukurasa wa 2, chini ya Bafu: 'Taili 2 zina ufa karibu na dreni.' Ni taili zile zile. Tazama picha ya 3 na ya 4. Kiasi ninachokubali: hakuna."

Angeweza kuishia kwenye orodha, lakini nilijua jibu litakalokuja: ufa wa mwanzo ulikuwa mdogo, huu sasa ni mpasuko. Ndiyo maana picha mbili ziliwekwa sambamba. Ufa wa taili ya kushoto unaanza kwenye kona ya dreni, unapanda kama urefu wa kidole, kisha unagawanyika mara mbili kama panda ya manati. Ile panda ipo kwenye picha ya 2021 na ipo kwenye picha ya 2024, mahali pale pale. Ufa hauwezi kuiga umbo la mwenzake namna hiyo.

Picha ya 2021 ilitaka kutupotea. Simu aliyopigia picha ilinyakuliwa kwenye matatu mwaka uliofuata. Iliyobaki ni nakala aliyokuwa amemtumia dada yake kwa WhatsApp siku ile ya kuhamia, akimwonyesha nyumba. Hapa kuna jambo la kujua: WhatsApp ikituma picha kwa njia ya kawaida huondoa taarifa za ndani za picha, zile za tarehe na mahali ilipopigwa. Kwa hiyo ukiitoa picha hiyo peke yake haina umri. Tuliiprinti ikiwa bado ndani ya mazungumzo, tarehe ya ujumbe ikionekana, na maneno ya dada mtu chini yake: "Bafu kubwa, lakini mbona taili zimepasuka?" Sijawahi kuona shahidi mzuri kuliko shemeji au dada mwenye kukosoa nyumba ya mwenzake.

Rangi ilikuwa mzigo mkubwa: "Kupaka rangi nyumba nzima, sh. 22,000." Kabla ya kujibu nilitaka kuuona mkataba, kwa sababu kuna mikataba mingi mjini inayosema wazi kwamba mpangaji atapaka rangi au atalipia rangi anapotoka, hata kama kuta zinang'aa. Ukiwa umesaini sentensi hiyo, kuzungumzia uchakavu hakukusaidii sana. Unabaki kupigania kiasi, kuomba makadirio ya fundi na risiti. Mkataba wake haukuwa hivyo. Ulisema atairudisha nyumba "katika hali aliyoipokea, isipokuwa uchakavu wa kawaida". Hata ungenyamaza, kifungu cha 66 cha Sheria ya Ardhi ya 2012 kinasema karibu hivyo hivyo: mpangaji anairudisha nyumba kama ilivyokuwa mwanzo, lakini halazimiki kurekebisha kilichoharibika kwa uchakavu wa kawaida.

Sasa, alipokea hali gani? Orodha: "Sebule, rangi imefifia, alama za misumari ukuta wa TV. Chumba 1, rangi ya zamani, safi. Chumba 2, rangi ya zamani, safi." Neno "zamani" ndilo lililoangusha zile 22,000. Hakupewa nyumba iliyopakwa rangi upya, na rangi iliyokuwa ya zamani mwaka 2021 imeongezewa miezi 41 ya mvuke wa jikoni, migongo ya viti na mikono ya watu wanaotafuta swichi gizani. Kumtoza rangi ya nyumba nzima ni kumnunulia landilodi kitu ambacho hakuwa nacho.

Ila kulikuwa na ukuta mmoja. Chumba cha pili, upande wa kitanda, watoto walikuwa wamechora kwa kalamu za nta: gari, jua, na herufi za jina zilizoandikwa kinyume. Alikuwa amejaribu kusugua na sabuni, ikabaki michirizi yenye mafuta. Orodha inasema ukuta huo ulikuwa "safi". Huo si uchakavu. Nikamwambia, hapa ndipo utakapokubali, na usisubiri kuulizwa. Akaenda kumwita fundi wa rangi anayemfahamu, akapima: mita tatu kwa mita mbili na nusu hivi, eneo la mita za mraba saba na nusu. Nta haishiki rangi ya maji moja kwa moja, doa hurudi juu, kwa hiyo lazima kwanza ipakwe rangi ya kuzuia madoa. Fundi akaandika 2,600, vifaa na kazi, akasaini. Barua ikasema: ukuta huu ni wangu, 2,600 ninakubali, makadirio yameambatishwa, kuta nyingine zilikuwa na rangi ya zamani mlipozikabidhi.

Tazama kinachotokea kwa msomaji wa ofisini anapofika hapo. Amekuwa akisoma barua ya mtu anayekataa, mara mtu huyo anakiri jambo ambalo ofisi haikuwa hata imelitaja, kwa sababu ripoti yao ilisema "nyumba nzima" bila kutaja chumba. Kuanzia hapo, kila "hakuna" inayofuata ina uzito zaidi.

Kabati la sinki ndilo lililotutoa jasho. Ripoti: "Kabati chini ya sinki limevimba na kuoza, libadilishwe, sh. 8,500." Orodha: "Kabati la sinki, sawa." Hapa karatasi yake mwenyewe ilikuwa inampinga. Lilikuwa sawa, sasa si sawa, na aliyekuwa ndani kwa miezi hiyo yote ni yeye.

Orodha ikikukataa, swali linahama kutoka "lilikuwaje" kwenda "limeharibiwa na nini". Nilikwenda kuliangalia. Ni kabati la chipibodi, ule ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa na gundi, juu umefunikwa ngozi nyeupe ya plastiki. Ubao huo ukinywa maji hufura kama mandazi, na ukikauka haurudi. Lakini maji huacha alama ya njia yake. Kama mpangaji amekuwa akimwaga maji sakafuni au akipiga deki ovyo, uvimbe huanzia miguuni na mbele, kwenye milango. Hapa milango ilikuwa mizima na miguu imenyooka. Uvimbe ulikuwa kwenye ubao wa chini, ndani, umezunguka lile tundu linalopitisha bomba la kutolea maji machafu, na ulipungua kadiri ulivyokwenda kingoni. Juu yake, kwenye nati ya plastiki inayounganisha bomba na sinki, kulikuwa na utandu wa chumvi nyeupe iliyokauka. Maji yalitoka juu, kwenye nati.

Mabomba katika mkataba yalikuwa jukumu la mwenye nyumba, mradi mpangaji atoe taarifa. Je, alitoa? Tulirudi kwenye simu. Tarehe 14 Septemba 2022, kwa keateka: "Habari mzee, maji yanavuja chini ya sinki, nimeweka beseni. Naomba fundi." Jibu: "Sawa B7, atakuja kesho." Tarehe 19 akakumbusha. Tarehe 27 akakumbusha tena, safari hii na picha ya beseni. Plamba alifika tarehe 6 Oktoba. Siku 22. Barua iliziorodhesha tarehe hizo tu, bila neno la ukali hata moja, na kusema kabati lilivimba kwa uvujaji uliotolewa taarifa na kuchelewa kurekebishwa, na kwamba kiasi anachokubali ni hakuna.

Nilimweleza, hata hivyo, kwamba hapa hatuna ushindi wa wazi kama wa taili. Wangeweza kuuliza kwa nini beseni lilifurika, au kwa nini hakufunga maji ya sinki akaoshea vyombo bafuni. Jibu lipo, lakini ni la kubishaniwa.

Kisha shawa. Ripoti: "Shawa ya umeme haifanyi kazi, mpya sh. 4,800." Katika rasimu yake ya hasira alikuwa ameandika kwamba shawa ilikuwa mbovu tangu siku ya kwanza, na orodha ilionekana kumuunga mkono: "Shawa ya umeme 1, haijajaribiwa." Siku ya makabidhiano mita haikuwa na tokeni, kwa hiyo hakuna aliyeiwasha. Mtu mwingine angeona hiyo ni bahati.

Mimi niliona mtego, kwa sababu mazungumzo yale yale tuliyotaka kuyatoa kwa ajili ya sinki yalikuwa na ujumbe wake wa Machi 2022: "Mzee, shawa imeanza kutoa maji baridi asubuhi." Imeanza. Maana yake kabla ya hapo ilikuwa ikitoa ya moto. Huwezi kumpa mtu simu yako asome ukurasa mmoja na kufumba macho ukurasa wa pili. Ukikamatwa na uongo wa shawa, kabati linaondoka nalo.

Tukaandika ukweli, nao ulitosha. Shawa ilifanya kazi, ikaacha. Orodha haisemi hali yake wala umri wake, kwa hiyo hakuna anayeweza kusema alikabidhiwa mpya. Fundi wa umeme aliifungua akakuta elementi imekatika, waya ule wa ndani unaopasha maji, na hicho ni kipuri kinachobadilishwa bila kununua shawa nzima. Makadirio: 1,200, kipuri na kazi. Mtu anaweza kusema hata hizo ni uchakavu wa kawaida, na mimi nilisema hivyo. Yeye akachagua kuzilipa. "Nimeoga mimi," akasema.

Yaliyobaki hayakuhitaji aya ndefu. Kioo cha dirisha la jikoni, 1,500: orodha inasema kizima, mpira wa mwanawe ulikipiga, alikubali. Funguo moja ya geti "haikurudishwa", 1,000: orodha inaonyesha alipewa mbili, na daftari la keateka linaonyesha alirudisha mbili. Usafi, 4,000: orodha haikuwa na neno lolote juu ya usafi wa mwanzo, na huo ndio upungufu wake mkubwa. Alikuwa na video ya dakika mbili aliyopiga asubuhi ya 30 Juni sakafu zikiwa zimefagiliwa na kupigwa deki, lakini video hiyo haikuonyesha ndani ya makabati wala nyuma ya choo. Tulisema funguo zilirudishwa tarehe 30, ukaguzi ukafanyika tarehe 4 Julai bila yeye kuitwa, na tukaomba waeleze ni uchafu gani na wapi. Hoja ya wastani, na tuliijua hivyo.

Hesabu ya mwisho ilikaa katika mstari mmoja: dipoziti 56,000, kutoa 2,600 ya ukuta, 1,200 ya shawa na 1,500 ya kioo, jumla 5,300, kinachodaiwa 50,700. Barua ilitoa siku 14. Ilisema pia, kwa sentensi moja, kwamba wasipoelewana dai litapelekwa Mahakama ya Madai Madogo, ambayo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja. Alikuwa ameshauriwa na mtu kwenda kwenye lile baraza la kodi za nyumba za kuishi, lakini hilo linahusu nyumba ambazo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi, na yake ilikuwa 28,000. Kwa vyovyote tulilenga dipoziti kama pesa yake iliyoko mikononi mwa mtu mwingine, si kama ugomvi wa upangaji.

Nakala mbili zilipelekwa kwa mkono. Moja ikabaki, ya pili ikarudi na muhuri wa kupokelewa na tarehe. Ya tatu ilitumwa kwa barua pepe, viambatisho vyote katika faili moja ya PDF, picha zimepewa nambari zile zile zilizotajwa ndani ya barua. Hili dogo husahaulika: ukiandika "tazama picha" bila nambari, hakuna atakayeitafuta.

Jibu lilikuja siku ya kumi na mbili, si kwa barua bali kwa simu. Meneja wa ofisi alianza na, "Mama, hii orodha uliitoa wapi?" Faili yao haikuwa nayo. Taili zikafutwa, funguo ikafutwa, rangi ikashuka hadi ukuta mmoja kwa bei ya fundi wake, shawa ikakubaliwa kuwa elementi. Kwenye kabati walishikilia. Walisema, kama nilivyotarajia, kwamba angeweza kuacha kutumia sinki. Alijibu kwamba siku 22 bila sinki, na watoto wawili, ni ombi la mtu ambaye hajawahi kuosha sufuria ya ugali. Wakagawana nusu kwa nusu, 4,250 kila mmoja. Usafi alikubali 1,000, kwa sababu alikumbuka kwamba nyuma ya jiko hakupiga deki. Mimi ningekataa mpaka waseme walichokikuta, ila dipoziti si yangu.

Jumla ya makato 10,550. Zilizorudi, 45,450, ziliingia kwenye M-Pesa Ijumaa iliyofuata.

Siku alipohamia nyumba yake mpya, huko huko Eastlands, nilikwenda kumsaidia kubeba kochi. Keateka wa pale alikuwa amesimama mlangoni na orodha, amejaza kila mstari "sawa", anataka saini tu. Jirani yangu alipofika kwenye shawa akauliza kama mita ina tokeni. Haina. Basi akatoa simu, akanunua za shilingi mia, akafungua maji, na sote watatu tukasimama pale mlangoni mwa bafu tukingoja yapate moto.